Kabla Kikundi Hakijapanda Bodaboda Kwenda Steshenari

Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri hauna riba, na vijana wengi vijijini wanaufahamu. Chini ya kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kila halmashauri nchini Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi: asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Jambo ambalo wengi hawajalizoea ni kwamba siku hizi maombi hupita kwenye mfumo wa kielektroniki. Kijana ambaye kijijini kwake hakuna kompyuta huishia steshenari ya mjini, akiwa na bahasha ya karatasi na mtu wa kumchapia.

Hapo ndipo fedha zinapopotea. Steshenari hutoza kwa ukurasa au kwa muda, na nauli ni juu yako. Ukigundua ukiwa kwenye kiti kwamba namba ya NIDA ya mwenzenu mmoja imekosewa, na simu yake haipatikani kwa sababu yuko shambani, siku imekwisha. Kazi ya kompyuta yenyewe ni fupi. Kazi ndefu ni ile ya kijijini, na inahitaji juma zima, si asubuhi ya safari.

Tuchukue kikundi cha mfano cha vijana saba wanaotaka kufuga kuku wa nyama. Kwanza wakae chini na daftari moja, wachore jedwali lenye safu saba na kuandika jina la kila mmoja kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi. Si jina analoitwa kijiweni, wala lililo kwenye cheti cha darasa la saba. Mwajuma na Mwanajuma ni watu wawili machoni pa kompyuta. Ndivyo ilivyo kwa Ally na Ali, na kwa Mohamed na Muhamedi. Mfumo ukilinganisha jina lililoandikwa na lile lililoko NIDA na kukuta tofauti, ombi hukwama, na mwenye steshenari hana uwezo wa kulikwamua.

Ukali huo una chanzo. Mwezi Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi hewa vilivyokopeshwa. Iliporejeshwa mwaka 2024, uhakiki wa wanachama ulipewa uzito mkubwa. Kwa hiyo yule binamu anayeishi Dar es Salaam, mliyetaka kumwingiza ili idadi itimie, mwacheni huko huko. Na mwenzenu aliyeajiriwa rasmi hana nafasi kwenye orodha, kwa sababu mkopo huu umekusudiwa wasio na ajira rasmi.

Kando ya jina iandikwe namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na inasomeka ukiigawa mafungu manne ya tarakimu 8, 5, 5 na 2. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Aliyezaliwa tarehe 12 Aprili 1999 namba yake huanza na 19990412. Kwa hiyo mnaweza kukagua wenyewe, bila intaneti: mmoja asome namba, mwingine ahesabu tarakimu, mwenye namba athibitishe tarehe yake. Namba yenye tarakimu 19 ni ugonjwa wa kawaida sana wa madaftari, maana sifuri mbili zikifuatana jicho huruka moja. Asiyekuwa na kadi lakini ameshasajiliwa anaweza kuitafuta namba yake kwa kupiga *152*00# na kufuata menyu ya utambuzi.

Safu ya simu nayo isijazwe kwa haraka. Wengi kijijini wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mama, kaka au rafiki. Kila mmoja apige *106# kwenye simu yake aone laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani. Kwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina jambo hili ni la lazima, kwa sababu taarifa za mfumo, na mara nyingi tarakimu za uthibitisho, huja kwa ujumbe mfupi kwenye namba iliyoandikwa. Tarakimu hizo huisha muda baada ya dakika chache. Kama simu yenye namba hiyo imebaki kijijini ikichajiwa kwa jirani mwenye sola, safari nzima imekuwa bure.

Baada ya watu, linafuata jina la kikundi. Hapa ndipo nilipoona vikundi vingi vikijikwaa, na ni kosa dogo la kuudhi. Kwenye cheti cha usajili kimeandikwa jina moja, kwenye katiba limeongezwa neno “Kikundi cha”, kwenye akaunti ya benki karani amelifupisha, na kwenye muhuri limeandikwa kwa Kiingereza. Fedha hulipwa kwenye akaunti yenye jina la kikundi, kwa hiyo jina la cheti na la benki yanapaswa kufanana kabisa. Viwekeni vyote vinne mezani, msome kwa sauti. Mkikuta tofauti benki, rudini benki kwanza. Barua ya marekebisho yenye sahihi za viongozi ni rahisi kuliko kumweleza afisa wa halmashauri kwamba hayo majina mawili ni kitu kimoja.

Nyaraka za kukusanya ni cheti cha usajili, katiba, muhtasari wa kikao kilichokubali kuomba mkopo, orodha ya wanachama yenye sahihi, barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji, ushahidi wa akaunti ya benki na andiko la mradi. Halmashauri huweza kuongeza mengine, kwa hiyo mpitieni afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla ya safari. Mwombeni pia awaandikie kwenye karatasi anwani sahihi ya mfumo. Msimtegemee mwenye steshenari aitafute kwa kubahatisha, maana kurasa za matapeli wanaotumia jina la mikopo ya Serikali zimejaa mtandaoni.

Muhtasari usomwe mara mbili. Unapaswa kuonyesha tarehe ya kikao, waliohudhuria, kiasi kinachoombwa na kazi kitakayofanya. Kiasi hicho ndicho kiwe kwenye andiko, na ndicho kijazwe kwenye fomu. Muhtasari ukisema milioni mbili na andiko likasema milioni mbili na laki nne, mkaguzi atauliza nani aliongeza hizo laki nne.

Tulitazame andiko la vijana wetu saba. Wanataka vifaranga 300. Bei ninazotumia ni za mfano, wao waweke za soko lao. Kifaranga shilingi 2,000, jumla 600,000. Kuku wa nyama hula takriban kilo tatu za chakula mpaka kufikia kuuzwa, hivyo kuku 300 wanahitaji kilo 900, sawa na mifuko 18 ya kilo 50. Mfuko ukiwa shilingi 80,000, chakula ni 1,440,000. Chanjo za kideri na gumboro, maranda na mkaa wa kuwapa joto vifaranga waweke 160,000. Vyombo vya maji na chakula 200,000. Jumla ni 2,400,000.

Sasa mapato. Andiko la haraka litasema kuku 300 mara 9,000 ni 2,700,000. Aliyewahi kufuga ataandika kwamba hufa baadhi, tuseme 15, wanabaki 285, na mapato ni 2,565,000. Tofauti ya shilingi 135,000 inaonekana ndogo, lakini ukitoa gharama zote, faida ya mzunguko wa kwanza inashuka kutoka 300,000 hadi 165,000. Mzunguko wa pili vyombo vipo, faida inapanda hadi 365,000. Hesabu ya pili ndiyo inayoonyesha marejesho yatatoka wapi, na ndiyo afisa aliyekwisha kuona mabanda matupu ataiamini. Ifanyieni kazi kijijini kwa kikokotoo cha simu, muijumlishe juu kwenda chini na chini kwenda juu. Steshenari si mahali pa kubuni bei ya chakula cha kuku.

Kuhusu kuskani, kama kuna mwenye simu nzuri, mnaweza kupiga picha nyaraka nyumbani, lakini mchana, karatasi ikiwa bapa na kivuli cha mkono kikiwa mbali. Picha moja ya simu hufika kwa urahisi megabaiti tatu au zaidi, na mifumo mingi huweka kikomo cha ukubwa wa faili. Katiba ya kurasa kumi kwa picha za namna hiyo haitapokelewa. Mwambieni mwenye mashine askani katiba yote kuwa faili moja la PDF, si mafaili kumi, na apunguze ubora mpaka ukubwa ukubalike. Kisha mlifungue na mlikuze kwenye kioo: kama muhuri wa mtendaji na sahihi bado vinasomeka, inatosha. Kila faili lipewe jina linaloeleweka, kwa mfano `katiba.pdf` na `muhtasari.pdf`. Majina marefu ya tarakimu yanayotoka kwenye mashine ndiyo hufanya barua ya kijiji ipandishwe mahali pa cheti.

Jambo moja nasisitiza bila haya: akaunti kwenye mfumo ifunguliwe kwa simu na barua pepe ya kiongozi wa kikundi. Vijana wa steshenari ni wasaidizi wazuri, na ili kuokoa muda hupenda kutumia barua pepe yao na nywila wanayoijua wao. Mwezi ukipita mnatakiwa kurekebisha kitu, yule kijana amehama, na ombi lenu limehama naye. Fungueni barua pepe mapema kijijini, mwandike nywila kwenye daftari la mweka hazina, na mhakikishe viongozi wawili wanaijua.

Anayesafiri awe yule ambaye simu yake imeandikwa kwenye ombi. Abebe nyaraka halisi, nakala zake, daftari la jedwali, simu iliyojaa chaji na fleshi. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, asome kioo kwa macho yake huku akilinganisha na daftari. Akimaliza achape ukurasa wa uthibitisho, aondoke kwenye akaunti, kisha amwombe mwenye mashine afute mafaili yao kwenye kompyuta, pamoja na yale ya kwenye pipa la taka la kompyuta hiyo. Vitambulisho vya watu saba vilivyoachwa kwenye kompyuta ya umma vinaweza kutumika kufanyia uhalifu ambao hamkuufanya.

Ule ukurasa uliochapwa upelekwe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mara tu msafiri anaporudi, kwa sababu yeye ndiye atakayewatembelea na kuangalia kama banda lipo.