Ukuta wa Besimenti: Momenti Yake na Nondo Zake

Ukuta wa besimenti huzuia udongo kwa upande mmoja, na upande wa pili huacha nafasi ya magari, ghala au mitambo ya jengo. Haufanani na ukuta wa kuzuia udongo unaoonekana kando ya barabara, ambao umeshikwa chini tu na kichwa chake kiko huru. Huu umeshikwa mahali pawili: chini kuna jamvi la zege, juu kuna slabu inayofunika besimenti. Kushikwa huko kunabadilisha mambo matatu, yaani ukubwa wa msukumo wa udongo, namna ukuta unavyopinda, na upande ambao nondo zinatakiwa kukaa.

Mfano unaofuatwa hapa ni wa kawaida: besimenti ya kuegesha magari, yenye mita 3 kutoka jamvi hadi slabu, ukuta wa zege wa unene wa milimita 250, nyuma yake kifusi cha mchanga mkavu ulioshindiliwa, na juu ya ardhi eneo ambalo magari hupita. Hesabu hufanywa kwa kipande cha ukuta chenye upana wa mita 1, kwa kuwa mita moja ni sawa na nyingine.

Msukumo wa udongo

Mita moja ya ujazo ya mchanga ulioshindiliwa ina uzito wa takriban kilonyutoni 18. Kilonyutoni moja ni karibu uzito wa kilo 100. Kwa hiyo kwenye kina cha mita 3, kila mita ya mraba hubeba kilonyutoni 54 za udongo ulio juu yake. Uzito huo hukandamiza kwenda chini, lakini sehemu yake husukuma pembeni, na sehemu hiyo ndiyo inayoukabili ukuta.

Ukubwa wa sehemu hiyo hutegemea kama ukuta unasogea au hausogei. Ukuta ulio huru kichwani huinama kidogo, mchanga nyuma yake hulegea na kuanza kujishikilia wenyewe, na msukumo hushuka hadi theluthi moja ya uzito. Kwa ukuta wa mita 3, kichwa kikisogea kama milimita 3 huwa inatosha. Ukuta wa besimenti haupati nafasi hiyo kwa sababu slabu imekizuia kichwa. Udongo hubaki katika hali yake ya utulivu, na msukumo wake hukadiriwa kwa kanuni iliyotolewa na Mhungaria József Jáky mwaka 1944:

K = 1 − sin φ

Hapa φ ni pembe ya msuguano wa udongo. Kwa mchanga wenye pembe ya nyuzi 30, K ni 0.5. Msukumo chini kabisa ya ukuta ni nusu ya 54, yaani kilonyutoni 27 kwa mita ya mraba, nao hupungua kadiri mtu anavyopanda hadi kuwa sifuri usawa wa ardhi. Ukichorwa, ni pembetatu. Anayetumia theluthi badala ya nusu hupata 18, na ukuta wake huwa umeanza na upungufu tangu kwenye karatasi.

Magari yaliyo juu ya ardhi huhesabiwa kama mzigo wa kilonyutoni 10 kwa mita ya mraba. Nusu yake, yaani 5, husukuma ukuta kwa kiwango kimoja kuanzia juu hadi chini. Huo ni mstatili unaoongezwa juu ya pembetatu.

Momenti

Ukuta ulioshikwa juu na chini hufanya kazi kama boriti iliyosimamishwa wima: ncha zake mbili zimezuiwa, na udongo unausukuma tumbo kuelekea ndani ya besimenti. Momenti ni kipimo cha nguvu ya kupinda mahali fulani kwenye ukuta. Inapokuwa kubwa, zege la upande mmoja hubanwa na la upande mwingine huvutwa. Zege huhimili kubanwa lakini hupasuka upesi likivutwa, hivyo nondo huwekwa upande unaovutwa.

Kabla ya kutafuta momenti, mizigo huongezwa kwa ajili ya usalama. Kwa utaratibu wa BS 8110, kiwango cha Uingereza ambacho wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wamekitumia kwa miaka mingi, msukumo wa udongo huzidishwa kwa 1.4 na ule wa magari kwa 1.6. Pembetatu inakuwa na 37.8 chini, na mstatili unakuwa 8.

Swali linalobaki ni jinsi ukuta ulivyoungana na jamvi. Ikiwa jamvi ni jembamba, mguu wa ukuta unaweza kuzunguka kidogo kama bawaba. Katika hali hiyo slabu ya juu hupokea kilonyutoni 30.9 kwa kila mita ya ukuta, na jamvi hupokea 49.8. Momenti kubwa iko mahali ambapo msukumo uliojikusanya kutoka juu umefikia 30.9. Hesabu inaonyesha mahali hapo ni mita 1.67 chini ya slabu, yaani chini kidogo ya katikati, na momenti yake ni kilonyutoni-mita 30.7. Upande unaovutwa ni wa ndani, ule unaotazama magari.

Ikiwa jamvi ni nene na nondo zake zimefungwa imara na za ukuta, mguu hauzunguki. Momenti kubwa huhamia pale mguuni, na kwa pembetatu na mstatili hupatikana hivi:

M = wL²/15 + qL²/8 = 37.8 × 9/15 + 8 × 9/8 = 31.7

Safari hii upande unaovutwa ni wa nje, ule ulioegemewa na udongo. Katikati ya ukuta hubaki momenti ya takriban 15.1 tu, inayovuta upande wa ndani.

Namba 30.7 na 31.7 zinakaribiana sana, ila ziko sehemu tofauti na pande tofauti za ukuta. Uhalisia huwa kati ya hali hizo mbili, maana hakuna jamvi lisilozunguka hata kidogo, wala maungio ya zege yanayozunguka kama bawaba halisi. Kwa hiyo njia salama ni kuukadiria ukuta kwa hali zote mbili na kuupa kila upande nondo za momenti yake kubwa.

Nondo

Zege la kufunika nondo likiwa milimita 40, umbali kutoka uso unaobanwa hadi katikati ya nondo zinazovutwa ni takriban milimita 200. Mkono wa nguvu kati ya zege linalobanwa na nondo ni asilimia 95 ya hapo, yaani milimita 190. Kwa nondo zenye nguvu ya nyutoni 460 kwa milimita ya mraba, eneo la chuma linalohitajika ni:

As = M / (0.87 × fy × z) = 31 700 000 / (0.87 × 460 × 190) = 417 mm²

Nondo za milimita 12 zikipangwa kila milimita 200 hutoa milimita za mraba 565 kwa kila mita. Zikisimamishwa wima kwa mpangilio huo pande zote mbili, ukuta una uwezo wa kubeba momenti ya takriban 43 upande wowote, na jumla ya chuma inapita asilimia 0.4 ya eneo la zege, ambayo ndiyo kima cha chini cha nondo za wima kwa ukuta wa zege lenye nondo.

Nondo za kulala hazibebi momenti hii. Kazi yake ni kuzuia nyufa za kusinyaa, kwa sababu ukuta mpya hutaka kufupika wakati jamvi lililokwisha kukauka chini yake linaukatalia. Nondo za milimita 10 kila milimita 150, pande zote mbili, zinafaa kwa unene huu. Nguvu ya kukata mguuni, kilonyutoni 60 kwa mita, ni ndogo kiasi kwamba zege linaibeba lenyewe bila ringi.

Mahali hesabu inapovunjika

Hesabu yote hii inasimama juu ya sharti moja: kwamba slabu ya juu ipo. Kifusi kikirudishwa kabla slabu haijamwagwa na kukomaa, ukuta huwa umeshikwa mguuni tu. Hata ikikubalika kwamba kichwa kitasogea na msukumo kushuka hadi theluthi, momenti ya mguuni inafika 37.8 kwa udongo peke yake. Lori au rola ikisogea karibu, huongeza 24 na kufanya jumla kuwa 61.8, wakati uwezo wa ukuta ni 43. Ndiyo maana mchoro mzuri huandika wazi kwamba kifusi kisirudishwe kabla ya slabu, au ukuta uegemezwe kwa mihimili ya muda, na karibu na ukuta kitumike kishindilio kidogo cha mkono.

Sharti hilohilo huvunjika kimyakimya mahali slabu ilipoachwa wazi kando ya ukuta kwa ajili ya ngazi au njia ya magari. Hapo ukuta huhitaji boriti ya kulala kichwani, au kuhesabiwa upya kama ukuta ulioshikwa chini tu.

Tatizo la pili ni maji. Yakijaa nyuma ya ukuta hadi juu, yenyewe husukuma kwa kilonyutoni 29.4 chini kabisa. Udongo uliozama huwa mwepesi kwa sababu maji huubeba, hivyo msukumo wake hushuka hadi karibu 15, lakini jumla ni 44 badala ya 27. Ama ukuta uhesabiwe kwa 44, ama maji yaondolewe kwa kokoto na bomba lenye matundu lililolazwa mguuni na lenye mahali pa kumwaga maji. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa haufai kurudishwa nyuma ya ukuta, kwa kuwa msukumo wa kuvimba kwake haumo katika hesabu hii.

Ukuta uliozidiwa hujionyesha. Ufa wa kulala upande wa ndani, katikati au chini kidogo ya katikati, unaambatana na tumbo linalobenuka, na huashiria momenti ya katikati imezidi uwezo wa nondo za ndani. Ufa wa mguuni hujificha upande wa udongo. Dalili zake ni unyevu kwenye maungio ya ukuta na jamvi, na timazi inayoonyesha kichwa kimeinamia ndani, jambo linalotokea zaidi pale kifusi kilipotangulia slabu. Nyufa nyembamba za wima zinazojirudia kila baada ya mita chache ni za kusinyaa. Hizo hupitisha maji na huzibwa, lakini hazihusiani na momenti.