Joto Ndani ya Ufito (Sehemu ya Pili): Kwanza Ondoa Kitakachobaki

Katika sehemu ya kwanza tulifikia mlinganyo mmoja mfupi, ∂u/∂t = k ∂²u/∂x². Humo u ni halijoto, x ni umbali kutoka ncha ya kushoto ya ufito, t ni muda, na k ni kipimo cha wepesi wa joto kusambaa katika chuma. Kwa maneno ya kawaida, mlinganyo huo unasema kwamba pale mchoro wa halijoto ulipopinda kama bonde, halijoto hupanda. Ulipopinda kama kilima, hushuka. Na ulipo mstari ulionyooka, hakuna kinachobadilika. Leo tunautatua kwa mfano mmoja. Tuchukue ufito wa chuma safi wenye urefu wa sentimita 50, uliozungushiwa sufi ubavuni ili joto lisitoroke pembeni. Ufito mzima umepashwa hadi nyuzi 100 za Selsiasi. Ghafla ncha ya kushoto inazamishwa katika barafu inayoyeyuka, ambayo hubaki kwenye nyuzi 0, huku ncha ya kulia ikiendelea kukaa katika maji yanayochemka kwenye nyuzi 100. (Anayetaka kulifanya jaribio hili Nairobi akumbuke kwamba kule, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95; aliye Dar es Salaam au Mombasa hana wasiwasi huo.) Tunataka kujua halijoto ya katikati ya ufito baada ya dakika moja, baada ya dakika 18, na baada ya saa nzima.

Njia inayofundishwa ni kutenganisha vigeu: tunatafuta jibu lenye umbo la X(x)·T(t), yaani sehemu moja inayotegemea mahali tu ikizidishwa kwa sehemu nyingine inayotegemea muda tu. Wengi huianza njia hii papo hapo, na papo hapo hukwama. Ncha ya kulia inadai kwamba X(L)·T(t) iwe 100 kila wakati, L ikiwa ni urefu wa ufito. Lakini X(L) ni namba moja tu, kwa hiyo T(t) nayo italazimika kuwa namba moja tu isiyobadilika, na ufito wetu hautapoa kamwe. Kuna kikwazo kingine kikubwa zaidi. Nguvu yote ya njia hii ni kwamba majibu mawili yakijumlishwa huzaa jibu la tatu. Sasa ukijumlisha majibu mawili ambayo kila moja lina nyuzi 100 kwenye ncha ya kulia, unapata nyuzi 200, na sharti limevunjika. Ni sifuri peke yake inayoweza kujumlishwa na sifuri ikabaki ilivyo. Ndiyo maana nashikilia kwamba moyo wa njia hii hauko kwenye sini wala kwenye kutenganisha vigeu. Uko kwenye hatua inayotangulia yote hayo, nayo ni kuzifanya ncha zote mbili ziwe sifuri.

Hatua hiyo inafanyika hivi. Ufito ukiachwa muda mrefu utafika mahali pa kutulia, na kutulia maana yake ni mchoro usiopinda popote. Mstari ulionyooka kutoka 0 upande wa kushoto hadi 100 upande wa kulia ni mmoja tu: 100x/L. Hicho ndicho kitakachobaki mwishoni, basi tukiondoe tangu mwanzo. Tuite v tofauti kati ya halijoto halisi na mstari huo. Kwa kuwa mstari haupindi wala haubadiliki, v inafuata mlinganyo uleule wa joto bila kuongezewa kitu, na sasa ncha zake zote mbili ni sifuri wakati wote. Mwanzo wake ni 100 − 100x/L: ziada ya nyuzi 100 upande wa barafu, inayopungua sawasawa hadi sifuri upande wa maji ya moto. Swali letu limegeuka. Hatuulizi tena jinsi ufito unavyopoa, bali jinsi ziada hii inavyokufa.

Hapo ndipo kutenganisha vigeu kunapofaa. Ukiweka X·T katika mlinganyo na kugawanya, unapata T′/(kT) = X″/X. Upande wa kushoto haujui x, upande wa kulia haujui t. Pande mbili zisizojuana zinaweza kulingana tu zikiwa sawa na namba moja isiyobadilika. Namba hiyo haiwezi kuwa chanya, kwa sababu X ingekuwa mchoro unaopinda kuikimbia sifuri, usioweza kugusa sifuri kwenye ncha zote mbili. Haiwezi kuwa sifuri, kwa sababu mstari ulionyooka ulioshikwa sifuri pande zote mbili ni sifuri tupu. Inabaki hasi, na hapo X ni sini. Ili sini hiyo irudi sifuri kwenye ncha ya kulia, lazima iwe sin(nπx/L), n ikiwa 1, 2, 3 na kuendelea. Sehemu ya muda inatoka yenyewe: kila sini hufifia kwa kasi ya e^(−n²t/τ), ambapo τ = L²/(π²k). Sini hazikuchaguliwa kwa sababu zinapendeza. Zimelazimishwa na zile sifuri mbili.

Kilichobaki ni kuijenga ziada ya mwanzo kwa sini hizo. Kiasi cha kila sini kinapatikana kwa kuizidisha ziada kwa sini hiyo, kutafuta eneo chini ya mchoro unaopatikana kutoka ncha hadi ncha, kisha kuzidisha eneo hilo kwa 2/L. Hesabu hii inatenga sini moja moja kwa sababu sini mbili zenye n tofauti zikizidishwa, eneo lao kati ya ncha hizi ni sifuri kamili. Kwa ziada yetu, kiasi cha sini ya n ni 200/(nπ). Jibu zima basi ni hili:

u(x,t) = 100x/L + Σ (200/nπ) · sin(nπx/L) · e^(−n²t/τ)

Hapa linazuka pingamizi ambalo si la kitoto, maana lilitolewa na mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zake. Joseph Fourier aliwasilisha kazi yake kwa Taasisi ya Ufaransa jijini Paris mwezi Desemba 1807, na miongoni mwa waliopewa kuichunguza alikuwamo Lagrange, ambaye hakukubali kwamba mifululizo ya namna hii inaweza kuwakilisha mchoro wowote ule. Kwa mfano wetu, pingamizi linaweza kuwekwa hivi: kila sini ni sifuri kwenye ncha ya kushoto, sifuri nyingi zikijumlishwa ni sifuri, na ilhali ziada yetu inaanzia nyuzi 100 papo hapo. Jumla ya sini itaifikiaje? Jibu la kweli ni kwamba kwenye ncha yenyewe haiifikii. Katika kila nukta ya ndani ya ufito, hata iwe karibu na ncha kiasi gani, jumla huikaribia ziada kadiri sini zinavyoongezwa. Kwenye ncha hubaki sifuri. Uthibitisho ulio imara ulitolewa na Dirichlet mwaka 1829, miaka saba baada ya kitabu kikubwa cha Fourier kuhusu joto kuchapishwa. Ukisimama kwenye idadi fulani ya sini, hata iwe maelfu, utaona karibu na ncha ya kushoto kinundu kinachofika takriban nyuzi 118 badala ya 100. Kinundu hicho hakipungui kimo unapoongeza sini. Husogea tu na kuibana ncha. Lakini kasoro hiyo ni ya ile nukta ya mwanzo peke yake, pale barafu na chuma chenye nyuzi 100 vinapokutana. Mara t inapopita sifuri, kipeo chenye n² huziua sini za juu kwa kasi kubwa, na kinundu kinatoweka. Pingamizi la Lagrange lilikuwa na haki yake kuhusu hisabati ya wakati ule. Halikuangusha jibu la ufito.

Wapo wengine wanaouliza: nani kasema jibu lazima liwe na umbo la X·T? Hakuna aliyesema. Jibu letu lenyewe halina umbo hilo. Ni jumla ya nyingi za namna hiyo. Tuna haki ya kuliamini kwa sababu jibu la pili haliwezi kuwapo. Yangekuwapo mawili, tofauti yao ingekuwa sifuri mwanzoni na sifuri kwenye ncha zote. Na joto lisilo na chanzo ndani haliwezi kupanda juu ya kilichokuwapo mwanzoni au kwenye ncha. Tofauti hiyo ingebaki sifuri daima.

Sasa tuingie kwenye tarakimu. Kwa chuma safi, k ni takriban sentimita mraba 0.23 kwa sekunde, kwa hiyo τ ni kama sekunde 1,100, yaani dakika 18 na kidogo. Katikati ya ufito sini za n shufwa zote ni sifuri, na tunabaki na 50 + 63.7e^(−t/τ) − 21.2e^(−9t/τ) + 12.7e^(−25t/τ) na kuendelea. Baada ya dakika 18 kifungu cha pili kati ya hivi vyenye e hakifiki hata sehemu moja ya mia ya nyuzi. Kifungu cha kwanza kinatosha, na halijoto ni takriban 73.9. Baada ya saa moja ni kama 52. Lakini jaribu kifungu hichohicho kimoja kwenye dakika ya kwanza: kinakupa nyuzi 110, joto ambalo halikuwahi kuwapo popote katika ufito. Hiyo ndiyo dalili kwamba umekata mfululizo mapema mno. Ukiongeza vifungu vinne au vitano, unarudi kwenye nyuzi 100 karibu kamili, maana baridi ya barafu bado haijahisika katikati. Muda mdogo unadai sini nyingi, muda mkubwa unatosheka na moja.

Jaribio lenyewe lina mitego yake. Kipimajoto cha katikati kikitulia chini ya 50, joto linatoroka ubavuni kuingia chumbani na mlinganyo wetu hautoshi. Kikitulia penyewe lakini kwa kuchelewa, huenda k si ile uliyodhani: nondo ya ujenzi ni chuma chenye kaboni, na joto husambaa humo polepole zaidi kuliko katika chuma safi. Na urefu usisahauliwe, kwani τ inafuata L². Ufito wa mita moja hauhitaji muda mara mbili, unahitaji mara nne.

Kabla ya sehemu ya tatu, msomaji akokotoe halijoto ya sentimita 12.5 kutoka kwenye barafu, wakati t ikiwa sawa na τ. Jibu ni nyuzi 42.1. Atakayepata 41.6 amekiacha kifungu cha n = 2, ambacho katikati kilikuwa sifuri lakini hapa si sifuri.