Maji yamerudi, koki inatema hewa

Kila aliyeishi na mgao wa maji anaijua sauti hiyo. Koki imekauka tangu juzi, halafu usiku inaanza kufoka, inapiga chafya, inarusha maji ya kahawia ukutani, inanyamaza, kisha inafoka tena. Wakazi wengi wa Dar es Salaam waliisikia mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua maji na jiji likawekwa kwenye mgao. Mtaa unapokatiwa maji, nyumba za mabondeni huendelea kuchota yaliyobaki bombani, na kadiri yanavyoshuka ndivyo hewa inavyoingia kupitia koki zilizoachwa wazi na viungo vinavyovuja. Maji yakirudi, yanaisukuma hewa hiyo mbele yake hadi nyumbani kwako.

Hewa ya namna hiyo hutoka yenyewe, kwa sababu maji ya mtaani yana nguvu. Kazi yako ni kuipa njia taratibu. Anza na bomba la uani, ambalo kwa kawaida ndilo la kwanza baada ya mita. Lifungue kidogo tu, robo mzunguko, uliache lifoke mpaka maji yatoke mfululizo na yawe safi. Ndipo uingie ndani, koki moja baada ya nyingine, ukimalizia na iliyo juu kabisa, mara nyingi shawa. Ukifungua koki zote kwa pupa, maji yanakimbia kwa kasi bombani, na yanapofika mwisho na kugota ghafla hupiga kishindo kinachoweza kulegeza viungo. Kama koki ya jikoni ina kichujio mdomoni, kifungue kwanza, maana mchanga na kutu huishia pale. Hita ya maji iache imezimwa mpaka maji yatoke sawasawa upande wa moto. Ikiwashwa bila maji ndani, huungua.

Maji ya mwanzo usiyanywe. Bomba linapokauka, uchafu wa nje unaweza kuvutwa ndani kupitia matundu, kwa hiyo yatumie kumwagilia au chooni. Yakishatulia, kinga glasi moja uitazame. Yakiwa meupe kama tui na weupe ukaanza kupotea kutoka chini kwenda juu ndani ya dakika moja au mbili, hizo ni chembe za hewa tu, hazina madhara. Kikibaki kitu kimetuama chini ya glasi, huo ni uchafu. Endelea kuyaacha yatiririke.

Hewa inayosumbua watu kweli ni ile ya mabomba yanayotoka kwenye tenki la nyumbani. Mtu amejaza tenki, anaona maji yamefika juu, bomba la uani linalolishwa na tenki hilohilo linatoa vizuri, lakini koki ya jikoni haitoi hata tone. Fundi asiye makini atakuambia bomba limeziba, na atataka kuvunja ukuta. Kabla hujamruhusu, hesabu urefu.

Tuchukue nyumba ya kawaida. Tenki limewekwa kwenye mnara, na uso wa maji yake uko mita 3 kutoka usawa wa sakafu. Bomba la nusu inchi linashuka mpaka chini, linapita ukutani, halafu linakutana na mlango. Fundi hakutaka kupasua sakafu, kwa hiyo alilipandisha juu ya lenta, mita 2.4, akalishusha upande wa pili hadi sakafuni, kisha akalipandisha tena hadi koki ya jikoni iliyo mita 1 juu. Siku tenki lilipokauka, bomba nalo likabaki na hewa, na maji yaliporudi hewa ikanaswa kwenye ule mshuko wa baada ya lenta, huku kipande cha chini kinachoelekea kwenye koki kikiwa na maji.

Ili koki itoe, hewa hiyo lazima iyasukume yale maji ya chini yapande mita 1. Maji ya tenki yana nguvu ya kutosha? Tenki liko mita 3, lenta iko mita 2.4, tofauti ni sentimeta 60 tu. Hewa inadai mita 1, maji yana sentimeta 60, basi yanapanda upande wa kwanza wa mlango hadi mita 2 na kusimama hapo, sentimeta 40 kabla ya kuvuka kilele. Yanaweza kukaa hivyo wiki nzima. Bomba la uani linatoa kwa sababu njia yake haina mpando. Ndiyo maana pia nyumba yenye milango miwili iliyorukwa namna hii husumbua zaidi: kila mshuko ulionasa hewa unadai sehemu yake ya nguvu ileile ndogo.

Dawa ni kutumia nguvu ya maji ya mtaani. Maji ya mtaani yenye msukumo wa baa 2 tu yana uwezo wa kupanda mita 20, na hewa ya kwenye lenta haiwezi kushindana nayo. Siku maji ya mtaa yanatoka, tafuta koki inayoyapokea moja kwa moja bila kupitia tenki. Unganisha mpira wa maji kutoka koki hiyo hadi ile ya jikoni iliyogoma, ukaze ncha zote mbili kwa klipu. Funga koki nyingine zote za njia ya tenki, lakini ile ya kufungia chini ya tenki iache wazi. Fungua koki ya jikoni yote, kisha ya mtaani polepole, na uache kwa dakika moja hivi. Mtu akisimama karibu na tenki atasikia hewa ikibubujika ndani yake. Ikikoma kububujika, bomba limejaa maji. Funga koki ya mtaani kwanza, ndipo ufunge ya jikoni na kuufungua mpira. Usiuache umeunganishwa hata kidogo, kwani mtaa ukikatika maji ya tenki lako yatarudi kwenye bomba la umma.

Kama baada ya hapo koki bado imekauka, au inatoa maji kidogo yasiyobadilika, sasa ndipo ushuku uchafu au koki mbovu. Na kama inatema hewa kila siku ilhali tenki limejaa, na nyumba ina pampu, kagua viungo vya upande pampu inakovuta. Hapo pampu huvuta hewa kupitia tundu ambalo huenda halidondoshi hata tone.

Hewa ikishatoka, izuie isirudi. Usiliache tenki likauke. Maji yakikaribia mdomo wa kutolea, funga koki ya chini ya tenki ili bomba libaki limejaa. Na kwa anayejenga, mwambie fundi apitishe bomba chini ya mlango kabla sakafu haijamwagwa. Kama hilo haliwezekani, aweke kwenye kilele cha lenta kijibomba cha kupumulia kinachopanda kupita usawa wa juu wa maji ya tenki, mdomo wake ukiwa wazi, umegeuzwa chini na kufungwa wavu. Mwambie kabla ya plasta, kwa sababu baada ya plasta kazi hiyo hiyo itakutaka uvunje ukuta.