Kabla ya Chanjo Kulikuwa na Kuchanja

Katika njia panda ya Kyumbi, pale barabara ya kwenda mjini Machakos inapoachana na ile kuu ya Nairobi na Mombasa, mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza swali ambalo sijalisahau. Wahudumu wa afya walikuwa wamepita wakiwadondoshea watoto matone ya polio mdomoni. "Mwalimu," akasema, "mbona hii yaitwa chanjo na hakuna mtu aliyechanjwa?"

Swali hilo ni la isimu, lakini jibu lake limo katika historia ya ndui. Kuchanja ni kupasua au kutia alama kwa chombo chenye makali: twachanja kuni, na wazee walichanja chale. Neno letu basi limehifadhi kitendo kilichoitangulia chanjo yenyewe. Kwa karne nyingi, watu wa Sudan, Uhabeshi, Uturuki na kwingineko walichukua usaha wa mgonjwa mwenye ndui hafifu, wakautia katika mkato mdogo wa ngozi ya mtu mzima wa afya. Waarabu waliita jambo hilo kununua ndui. Virusi vilivyoingia kwa ngozi, badala ya mapafu, aghalabu vilileta ugonjwa mwepesi, na aliyepona hakuugua tena.

Mwaka 1721 ndui ilipoushambulia mji wa Boston, Marekani, habari za ufundi huo zilikuwa zimekwisha kufika huko kwa kinywa cha Mwafrika mtumwa aliyeitwa Onesimus, aliyekuwa amechanjwa kwao. Katika mlipuko huo waliougua kwa njia ya kawaida walikuwa karibu 5,900, na 844 wakafa. Kati ya watu wapatao 240 waliochanjwa na daktari Boylston walikufa sita. Hata hivyo bei ilikuwa bado ghali, kwani aliyechanjwa alikuwa na ndui ya kweli, na aliweza kumwambukiza jirani asiyekuwa na habari.

Hapa ndipo ng'ombe anapoingia. Waganga wachanjaji wa mashamba ya Uingereza walikutana na jambo la kuwaudhi: baadhi ya watu, hasa wakamuaji, walichanjwa ndui tena na tena na mkono usivimbe. Walipodadisiwa walisema wamewahi kupata malengelenge mikononi kutokana na ndui ya ng'ombe, ule ugonjwa wa chuchu za kiwele. Mkulima Benjamin Jesty aliamini habari hiyo kiasi cha kumtia mkewe na wanawe wawili usaha wa ng'ombe mwaka 1774. Lakini hakuchapisha lolote.

Tarehe 14 Mei 1796, Edward Jenner, daktari wa Berkeley ambaye mwenyewe alichanjwa ndui utotoni, alichukua majimaji ya lengelenge mkononi mwa mkamuaji Sarah Nelmes. Akayatia katika mikato miwili mifupi mkononi mwa James Phipps, mtoto wa miaka minane. Siku ya saba kwapa lilimsumbua. Siku ya tisa alihisi baridi, akakosa hamu ya chakula na kuumwa kichwa kidogo. Siku iliyofuata alikuwa mzima. Je, alikuwa amekingwa? Kuona kwa macho hakungeweza kujibu. Tarehe 1 Julai Jenner alimchanja mtoto huyo usaha wa ndui halisi, na ndui haikushika. Miezi kadhaa baadaye akarudia, ikawa vilevile.

Tafadhali msomaji, tazama ujanja wa jambo hili, ambao vitabu vya shule huupita haraka. Kipimo cha Jenner kilikuwa kule kuchanja kwa kale. Bila ufundi wa kununua ndui, uvumi wa wakamuaji ungebaki uvumi. (Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingemruhusu daktari kumfanyia mtoto jambo hilo.)

Mtoto mmoja hakutosha. Mwaka 1798 Jenner aliipitisha ndui ya ng'ombe kutoka mkono wa mtoto hadi mkono wa mwingine, akaonyesha kwamba haihitaji ng'ombe kila mara, kisha akachapisha kitabu chake. Alikosea katika mambo mawili. Aliamini kinga hiyo hudumu maisha yote, kumbe hufifia. Na kule kupokezana mkono kwa mkono kuliweza kuhamisha maradhi mengine, kama kaswende. Aidha, si kila kidonda cha kiwele kilikinga; vingine vilikuwa vya ugonjwa tofauti, na waliochanjwa navyo waliendelea kuugua.

Lugha za Ulaya zilitwaa jina la kinga hiyo kutoka neno la Kilatini la ng'ombe. Kiswahili kikashika mkato. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kawaida duniani, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Somalia, aliugua Oktoba 1977, akapona. Tarehe 26 Oktoba 1979, jijini Nairobi, Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa Pembe ya Afrika haina tena ndui. Maalin baadaye alizunguka akiwahimiza wazazi wa Somalia wakubali watoto wapewe matone ya polio, hadi alipofariki mwaka 2013.