Slaidi arobaini, dakika kumi na tano

Mhadhara wa ngeli ulikuwa na slaidi 40. Wanafunzi wa sekondari waliotutembelea chuoni hapa Uingereza, wasiojua Kiswahili, tulipewa dakika 15 nao. Mwanzo tulipunguza maneno tu. Mdogo wake mmoja wetu alipotusikiliza, jedwali la ngeli lilimpigisha miayo, tukalitoa.

Tulibakiza slaidi nne. Ya kwanza: “Kitabu kikubwa kimeanguka. Vitabu vikubwa vimeanguka.” Bila maelezo tukawapa “kisu”, wakatunga wingi wenyewe, sentensi nzima.

Tukanogewa, tukawapa “kijana”. Wakajibu, “Kijana kikubwa kimeanguka.” Kosa letu: slaidi ya viumbe hai tulikuwa tumeifuta! Ikabidi tuandike ubaoni: kijana mkubwa ameanguka, vijana wakubwa wameanguka. Slaidi hiyo tumeirudisha, sasa ni tano.