Neno geni, majirani wanaolijua

Karibu kila mtihani wa ufahamu una swali linalomtaka mtahiniwa aeleze maana ya neno kama lilivyotumika katika kifungu. Uzito wa swali uko kwenye "kama lilivyotumika": jibu hutafutwa kwanza ndani ya kifungu chenyewe. Tuchukue mfano huu:

"Bamvua lilipoanza, Mzee Hamadi alilivuta dau lake mpaka chini ya mnazi, kwani maji yangefika hadi ukingoni mwa barabara. Asubuhi yake bahari ilikupwa mbali sana, wanawake wakaokota chaza kwenye miamba isiyoonekana siku nyingine. Lakini juma lililofuata, mwezi ulipobaki nusu, maji hayakupanda sana wala hayakutoka sana."

Tuseme msomaji hajui bamvua. Aanze na sarufi. "Lilipoanza" inaonyesha kwamba neno hili ni nomino ya ngeli ya LI-YA, na kwamba ni jambo lenye mwanzo. Basi si mtu wala chombo. Huenda ni kipindi au tukio.

Kisha atafute sababu. "Kwani" inaeleza kwa nini dau limehamishwa: maji yatapanda kuliko kawaida. Hapa ndipo wengi hunaswa. Wanaiona "mvua" ndani ya bamvua, wanasikia habari za maji kupanda, wanaandika "mvua kubwa". Umbo la neno limewavuta kabla hawajamaliza kusoma.

Dawa yake ni kuliweka jibu mahali pa neno, kisha kusoma kifungu chote. "Mvua kubwa ilipoanza" inakubalika katika sentensi ya kwanza, lakini ya pili inaikataa: mvua kubwa haiifanyi bahari ikupwe mpaka miamba iliyofichika ionekane. Maana sahihi lazima itosheleze mambo yote mawili, kujaa sana na kupwa sana. Sentensi ya tatu inaongeza ushahidi. "Lakini" inaleta kinyume, yaani siku ambazo maji hayapandi sana wala hayatoki sana, na kutajwa kwa mwezi kunaonyesha kwamba jambo hili hufuata mwandamo wake. Jibu basi ni kipindi ambacho bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Likiwekwa mahali pa bamvua, sentensi zote tatu zinakaa sawa.

Njia hii ina mipaka. Kama kifungu kingesema tu "Wavuvi walisubiri bamvua," tungejua kwamba ni kitu kinachosubiriwa, basi. Hapo ni afadhali kuliwekea neno alama, kuendelea kusoma, na baadaye kufungua kamusi au kumuuliza mvuvi. Hata kifungu chetu hakisemi kila kitu: bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na zile siku za maji kutulia huitwa maji mafu.