Rola juu ya bamba: mkazo ni mkubwa kiasi gani?

Chini ya ncha moja ya daraja la chuma mara nyingi utakuta rola zimelala juu ya bamba, ili daraja likirefuka kwa joto lipate pa kusogea. Tuchukue rola moja yenye kipenyo cha milimita 200 na urefu wa milimita 500, iliyobeba kilonyutoni 400, yaani karibu tani 40. Kwenye karatasi ya mchoro, rola inagusa bamba kwa mstari tu, na mstari hauna upana. Ukigawa mzigo kwa eneo la sifuri, mkazo hauna mwisho. Mbona basi bamba halipasuki?

Jibu alilitoa Mjerumani Heinrich Hertz mwanzoni mwa miaka ya 1880. Chuma hubonyea kidogo, na ule mstari hugeuka kuwa ukanda mwembamba. Mkazo huwa mkubwa kabisa katikati ya ukanda, kisha hupungua hadi sifuri kingoni. Rola na bamba vikiwa vya chuma cha aina moja, kilele chake ni:

```
p = 0.418 × √(F × E / (L × R))
```

F ni mzigo, L urefu wa rola, R nusu ya kipenyo, na E ni kipimo cha ugumu wa chuma dhidi ya kubonyea, takriban nyutoni 210,000 kwa milimita ya mraba. Kila milimita ya rola yetu imebeba nyutoni 800. Zidisha kwa 210,000, gawanya kwa 100, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 0.418: unapata nyutoni 542 kwa milimita ya mraba. Ukanda wenyewe haufiki hata milimita 2 kwa upana.

Hapa ndipo wengi hushtuka. Chuma cha bamba hili huanza kulegea kwenye 355 kikivutwa maabara, nasi tuna 542! Lakini chuma kilicho chini ya rola kimebanwa pande zote na chuma kinachokizunguka, hakina pa kukimbilia. Kinachokilegeza ni mkazo wa kukata, ambao kilele chake hakiko juu ya uso bali ndani, hapa kwenye kina cha kama milimita 0.7, na ni asilimia 30 tu ya p: karibu 163. Chuma hiki huvumilia nusu ya 355, yaani 177. Kimepona, ila kwa nafasi ndogo. Bamba la chuma laini cha 250 lingekwisha kulegea kwa ndani huku uso ukionekana salama.

Kwa sababu ya kipeuo, mzigo ukiongezeka maradufu mkazo hupanda mara 1.41 tu. Hesabu hii, hata hivyo, inadhani rola imekaa sawasawa. Ikiinama kidogo, mzigo wote hukimbilia ncha moja, na fomula haioni hilo. Fundi hulitambua kwa mfereji kwenye bamba ulio na kina kikubwa upande mmoja kuliko mwingine.